Mitume Walikwenda: Asili ya Upatanisho wa Maneno Yetu

Siku moja katika mafundisho hapa Mwadingusha kijana mmoja aliniuliza swali ambalo sikulijibu vema. Akasema: “Bwana mwalimu, mtu mmoja ni mtu, wengi ni watu. Mkristo mmoja, wengi Wakristo. Mbona mtume mmoja, wengi si watume bali mitume? Je, mitume ni miti?” Wenzake wakacheka, lakini yeye hakuwa na mzaha. Alikuwa ameshika jambo ambalo wataalamu wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 300.

Tena wa kwanza kuliandika kitabuni alikuwa mmisionari. Padre Giacinto Brusciotto wa Vetralla, Mkapuchini wa Italia, alikuwa mkuu wa misioni katika ufalme wa Kongo, upande wa magharibi. Mwaka 1659 alipigisha chapa huko Roma sarufi ya Kikongo kwa Kilatini. Sasa fikiri shida yake. Kilatini alichofundishwa tangu utoto hugeuza neno mwishoni: mwanzo hukaa, mkia hubadilika. Kikongo kilifanya kinyume. Mkia ulikaa, kichwa kikabadilika. Angaliweza kulazimisha lugha ile iingie katika mifuko ya Kilatini, kama walivyofanya wengine baada yake. Hakufanya hivyo. Aliyapanga majina kwa mianzo yao, akapata makundi manane, akaonyesha jinsi kila kundi linavyotawala maneno yanayolifuata.

Jambo hilo la kutawala ndilo kiini, maana mwanzo wa neno peke yake hudanganya. Tazama maneno mtu na mti. Yote mawili yaanza kwa m-. Lakini twasema “mtu yule ameanguka” na “mti ule umeanguka.” Kundi la jina halijulikani kwa kulitazama jina, bali kwa kutazama wafuasi wake: kionyeshi, sifa na kitendo. Kama vile chifu asiyevaa kilemba, utamjua kwa wale wanaomwinamia. Basi kipimo ni hiki: litie jina katika sentensi, kisha usikilize kitendo kinaanza na nini.

Sasa tuwatie mitume katika kipimo hicho. Je, twasema “mitume ile ilikwenda”? Hapana. Twasema “mitume wale walikwenda,” na idadi yao ni “kumi na wawili,” si kumi na miwili. Kumbe neno limevaa vazi la miti, lakini wafuasi wake wanamwona mtu ndani ya vazi. Vivyo hivyo kiboko. Mnyama yule wa mtoni ana ki- kama kiti na kisu, hata hivyo twasema “kiboko mkubwa ametoka majini,” na wakiwa wengi, “viboko wale wamelala.” Lakini ile fimbo ya ngozi yake, ambayo babu zetu waliijua sana migongoni siku za Wabelgiji, nayo yaitwa kiboko, na hiyo twasema “kiboko kimekatika.” Neno ni lile lile, mwanzo ni ule ule, tofauti ni uhai. Katika Kiswahili, basi, kilicho hai humshinda ki- na mi-.

Msifikiri kwamba ni hivyo kila mahali. Jirani zetu Wabemba husema “imbwa yandi yafwa,” yaani mbwa wangu amekufa, na wakiwa wengi, “imbwa shandi shafwa.” Hapo mbwa yu hai (au alikuwa hai, maskini), lakini wafuasi wanafuata kundi la jina lake, uhai hautazamwi. Lugha ni ndugu, ila moja husikiliza umbo na nyingine husikiliza maana.

Wako walioamini kwamba hapo mwanzo kila kundi lilikuwa na maana yake: la kwanza watu, la tatu miti, la saba vyombo. Padre Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Kibantu, alikwenda mbali zaidi. Alitwaa maneno manne ya Kinyarwanda, umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu, akasema hayo ni mafungu manne ya vyote vilivyopo: chenye akili, kisicho na akili, mahali pamoja na wakati, na namna ya kuwa. Ni fikira nzuri, nami naiheshimu. Lakini haifai kuichanganya na makundi ya majina yenyewe. Kwa Kagame mnyama yumo katika ikintu, kwa kuwa hana akili. Walakini ng'ombe kwa Kinyarwanda ni inka, na jina hilo halimo katika kundi la ki- hata kidogo. Tena mti, ambao Kiswahili chauweka pamoja na mlima na mkono, Kinyarwanda huuita igiti, katika kundi la ki-. Huko umuti ni dawa. Mti ni ule ule, shina la neno ni lile lile, nyumba mbalimbali. Na kitabu je? Ni neno la Kiarabu, kitab, ambamo ki- si kiambishi bali ni sehemu ya shina. Waswahili walisikia ki-, wakafanya vitabu. Maana haikuulizwa hapo; sikio ndilo lililoamua. Kwa hiyo nasema: maana ipo, nayo ina nguvu hasa kwa watu na viumbe hai, lakini kwa vitu vingine makundi ni kama ghala la zamani, ambamo kila kizazi kimetupia vitu vyake.

Nirudi kwetu. Mwadingusha ni nchi ya Basanga, kwenye maporomoko ya Lufira, na mtambo wa umeme ulianza kazi mwaka 1930. Miji ya kazi ya Katanga ilikusanya watu wa lugha nyingi, Waluba, Wabemba, hata watu wa Rwanda, nao wakaonana katika Kiswahili. Kiswahili hicho kiliegemea lugha za nyumbani katika mianzo: twasema bantu, bintu, bitabu, na kitoto kidogo twakiita katoto, vingi tutoto. Lakini wafuasi walipungua. Mtu wa pwani husema “kitabu changu,” sisi “kitabu yangu”, yeye “mtoto wangu,” sisi “mutoto yangu.” Wageni hutucheka, wakidhani sheria imekufa. Wasikilize vizuri zaidi. Mtoto wa hapa husema “mutoto yangu analala,” lakini “kitabu yangu inaanguka.” Neno la kumiliki limeacha kubagua, kitendo bado chabagua, a- kwa kilicho hai na i- kwa kisicho hai.

Tena jambo hili si la Katanga tu. Mtu wa pwani mwenyewe, mwenye kujivunia sarufi yake, husema “ndugu yangu anakuja.” Yangu hufuata umbo la jina, anakuja hufuata mtu. Alilolifanya yeye kwa ndugu, baba na rafiki, sisi tumelieneza kwa wote. Yule kijana wangu nilipomweleza hayo juma lililofuata, alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi bwana, mitume wangekuwa watu wa Likasi, wangekuwa bitume?” Nikamwambia hapana, wangekuwa batume, naye akaridhika.