Safu ya Lugha: Wasifu na Tawasifu

Neno wasifu, lenye mzizi mmoja wa Kiarabu na sifa, hutumiwa siku hizi kwa kila maelezo ya maisha ya mtu, hata yale aliyoyaandika mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, ambayo jina lake hasa ni tawasifu. Shaaban Robert aliandika vyote viwili: Wasifu wa Siti binti Saad, unaomhusu mwimbaji wa taarabu wa Unguja, na Maisha Yangu, ambamo anajieleza mwenyewe.

Tofauti ya sauti huonekana zaidi katika sifa na makosa. Sentensi "ni fundi hodari wa kushona" husomwa kama ushahidi wa mtu mwingine, lakini ikigeuzwa kuwa "mimi ni fundi hodari", msomaji husikia majigambo, na mwandishi hulazimika kuweka tendo mahali pa sifa, kwa mfano "nimeshona kanzu za maharusi kwa miaka kumi". Kwa upande wa makosa mambo hugeuka, kwani "nilifilisika" huleta ukaribu wa mtu anayekiri, ilhali "alifilisika" hukaribia kuwa hukumu.

Wengi hujiandikia wasifu mfupi kwa nafsi ya tatu, jambo linalokubalika, ila sifa zikizidi msomaji humtambua shahidi anayejishuhudia. Kosa baya zaidi ni kuchanganya nafsi, kama katika "Anafundisha Kiswahili na nimeandika vitabu viwili", ambapo msomaji hajui tena nani anazungumza.