Usiku Mwema kwa Namba

Binamu yangu wa Nkwenda, Kyerwa, alipata ujumbe wa rafiki yake Mjerumani: "ka, vllt morgen. gn8, hdl". Akaniuliza, "Kaka, huyu ananitongoza?"

Nilimsomea polepole. Ka ni keine Ahnung, sijui. Vllt ni vielleicht, labda, iliyong'olewa irabu zake. Morgen ni kesho. Gn8 isome kwa sauti: nane kwao ni acht, ukitanguliza n unapata Nacht. Gute Nacht, usiku mwema. Sisi tukiandika 2taonana, ile mbili yetu tunaitamka kwa Kiingereza.

Ubahili huu ulikuwa na sababu. Mwaka 1985, mjini Bonn, Friedhelm Hillebrand alichapa sentensi za kawaida kwa taipureta, akahesabu, akaona herufi 160 zinatosha ujumbe mmojammoja. Simu zilipofika mikononi mwa vijana, kila ujumbe ulilipiwa, wakabana maneno.

Hdl ni hab dich lieb. Mama humwandikia mwanawe, shoga humwandikia shoga. Wapenzi pia huitumia, ila tamko lao zito ni ich liebe dich. Kwa hiyo hdl peke yake haithibitishi kitu.

Binamu alijibu gn8. Hdl akaiacha bila jibu.