Riwaya ya upelelezi nje ya London

Riwaya ya upelelezi ni hadithi inayoanza na tendo la siri, mara nyingi mauaji, kisha ikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mtendaji ajulikane. Kwa kawaida historia yake ya kisasa huanzia mwaka 1841, Edgar Allan Poe wa Marekani alipochapisha kisa cha mauaji ya wanawake wawili jijini Paris. Mwaka 1887 Arthur Conan Doyle akamleta Sherlock Holmes, na tangu hapo London ikawa kama makao makuu ya fani: ukungu, gari la farasi, jumba la tajiri lenye maktaba na maiti. Msomaji wa Kitale au Bungoma aliyekwisha kuyazoea hayo ana haki ya kuuliza kama wauaji hawapo kwingine.

Wapo, na katika kila bara. Lakini kubadilisha jina la mji hakutoshi. Zipo riwaya ambazo mahali ni pambo tu, na zipo ambazo mahali ni shahidi. Kipimo chake ni chepesi: hamisha kisa ukipeleke mji mwingine. Kikisimama vilevile, msomaji hakusafiri.

Mfano ulio wazi kabisa unatoka Japani. Seichō Matsumoto alichapisha *Ten to Sen* kwa mfululizo katika jarida la wasafiri mwaka 1957 na 1958. Mwanamume na mwanamke wanakutwa wamekufa kwa sumu ya sianidi ufukweni Kashii, kusini mwa nchi. Polisi wanaona ni wapenzi waliojiua pamoja, kwa sababu wapo mashahidi waliowaona wakipanda treni moja wakiwa pamoja katika stesheni ya Tokyo. Mashahidi walikuwa jukwaa la 13. Treni ilikuwa jukwaa la 15. Kati ya majukwaa hayo mawili treni huingia na kutoka kutwa nzima na kuziba macho. Ni dakika nne tu kwa siku, kuanzia saa 11:57 jioni hadi saa 12:01, ambapo njia za katikati huwa tupu na mtu akaweza kuona ng'ambo.

Mashahidi hao walipata bahati ya dakika nne, na bahati hiyo ndiyo inayomtia shaka mpelelezi kijana wa Tokyo: nani aliyewafikisha pale saa ile? Huko kusini, mpelelezi mzee anasumbuliwa na kitu kidogo zaidi. Katika mfuko wa maiti ya mwanamume mna risiti ya behewa la chakula, nayo ni ya mtu mmoja. Wapenzi waliokwenda kufa pamoja, vipi mmoja akale peke yake? Kila kinachofuata kinategemea kitu kimoja, kwamba treni za Japani hufika kwa dakika iliyoandikwa. Ondoa uhakika huo na kitabu kizima kinaanguka.

Sasa kilete kisa hicho kwetu. Treni ya abiria haijafika Kitale kwa miaka mingi, na anayetoka huko kwenda Bungoma hupanda matatu ipitayo Kiminini na Kamukuywa. Matatu haiondoki saa fulani, huondoka ikijaa. Makanga atasema amebaki mmoja, na msafiri akiingia atakuta viti vitatu vitupu. Kwa hiyo muuaji wa njia hii hawezi kujitetea kwa ratiba, na mpelelezi hawezi kumnasa kwa ratiba.

Atakachokuwa nacho ni binadamu na simu. Makanga hukumbuka aliyebishana naye nauli. Ujumbe wa M-Pesa, huduma iliyoanza 2007, hubeba tarehe, saa na dakika, na hubaki katika simu ya aliyetuma na ya aliyepokea. Hapo pana mtego mzuri kwa mwandishi: ujumbe huo unathibitisha kwamba pesa zilitumwa dakika ile kutoka kwa laini ile. Hauthibitishi kidole kilichobonyeza. Mke, kaka au mfanyakazi anayejua namba ya siri anaweza kutuma shilingi 200 huku mwenye simu yuko kwingine kabisa. Dakika nne za Matsumoto zimepata ndugu yao.

Katika miaka ileile ambayo Matsumoto alikuwa akichapisha sehemu za kisa chake, Mzanzibari Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957–58. Hadithi yake, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilitoka kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko kama Holmes na ana rafiki, Najum, kama Holmes alivyokuwa na Watson. Wahakiki wengi huishia hapo, na naona hawamtendei haki. Kiko ni cha kuazima. Fumbo si la kuazima. Katika riwaya za Abdulla siri mara nyingi iko katika nasaba: nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi kabla ya kuachwa, mtoto yupi alilelewa kwa jina lisilo lake. Hilo linawezekana katika kisiwa ambako watu wanajuana kwa majina ya baba zao na ndoa moja ya zamani inaweza kugusa nyumba tatu. Bwana Msa hapimi majivu ya sigara tu, anachora ukoo. Mhamishie London, kwenye mtaa ambao jirani hajui jina la jirani, na hana kazi.

Australia nako mahali palishuhudia hadi nje ya kitabu. Arthur Upfield, muumba wa mpelelezi Bony anayesoma nyayo mchangani, alipokuwa akitunga *The Sands of Windee* (1931) alijadiliana na wenzake wa nyikani namna ya kupoteza maiti isionekane. Mmoja wa waliosikia aliua watu kweli, na akanyongwa mwaka 1932.

Kitale yenyewe imo katika fasihi ya Kiswahili kupitia Ken Walibora. *Siku Njema* (1996) haina askari wala maiti ya kuchunguzwa, lakini mwendo wake ni wa upelelezi: Kongowea Mswahili anatoka Tanga, anavuka mpaka, anauliza huku na huko mpaka Kitale akimtafuta baba. Anayeisoma akiwa na jicho la mpelelezi ataona jinsi kila mtu njiani anavyokuwa shahidi, wa kweli au wa uongo.

Bungoma ina ushahidi ambao London haina. Wabukusu hutahiri kwa desturi katika miaka inayogawika kwa mbili, zaidi mwezi Agosti, na kila mwanamume ana rika lake lenye jina. Mgeni anayedai kwamba alitahiriwa kwao kijijini Agosti 1985, mbele ya ukoo mzima, amejifunga mwenyewe, na mzee yeyote wa Kimilili atamgundua kabla hajamaliza chai. Asingenaswa kama angesema alipelekwa hospitali, maana huko hakuna mwaka. Mwandishi makini angeuacha mlango huo wazi ili muuaji mwerevu aupitie.

Msomaji aliyechoka aanze na *Mzimu wa Watu wa Kale*, kisha Matsumoto. Na mwenye kuijua barabara ya Kitale hadi Bungoma, vituo vyake, makanga wake na marika ya wazee wake, aketi aandike kisa chake.