Kung'arisha meno

Kung'arisha meno ni kufifisha rangi yake kwa peroksidi. Nyumbani, jeli ya peroksidi ya kabamidi ya asilimia 10 huvaliwa usiku katika trei iliyotengenezwa kwa kipimo cha meno, kwa takriban wiki mbili. Jeli ya kliniki huwa kali zaidi. Peroksidi hupenya enameli hadi kwenye kiini chenye neva, ndiyo maana meno huingia ganzi yanapoguswa na maji baridi. Kwa kawaida hali hiyo huisha siku chache baada ya kuacha jeli. Vijazio na meno bandia havibadiliki rangi. Kwa mkazi wa Arusha mwenye meno yaliyoathiriwa na floraidi ya maji, mabaka meupe huweza kujitokeza zaidi mwanzoni, na kahawia iliyokolea ikabaki.