Hiba ya Bibi wa Singapuri: Sheria Ilivyoanza Kumtaka Ndugu Ajieleze

Mwaka 1928, Baraza la Siri la Mfalme wa Uingereza, lililoketi London kama mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, lilisikiliza kesi ya Bi Inche Noriah wa Singapuri. Alikuwa Mmalay, mzee sana, na hakujua kusoma wala kuandika. Mali yake ilisimamiwa na mpwa wake, Shaik Allie bin Omar. Siku moja bibi alitia alama yake kwenye hati ya hiba iliyompa mpwa huyo majengo na ardhi yake, karibu mali yote aliyokuwa nayo. Baadaye akataka hiba hiyo ibatilishwe.

Mpwa alikuwa na jibu lililoonekana zito. Hati haikutiwa sahihi gizani: wakili aliitwa, akamsomea bibi na kumweleza yaliyomo, akamwambia kwamba akishaitoa hawezi kuirudisha, na akamuuliza kama anatoa kwa hiari yake. Bibi alisema ndiyo. Mahakama ya Rufaa ya koloni iliikubali hiba. Bibi akavuka na shauri lake hadi London, na huko akashinda.

Ili kuelewa alivyoshinda, inafaa kuuliza swali moja: nani alipaswa kuthibitisha nini? Katika kesi za kawaida za madai, anayedai ndiye anayethibitisha. Kama nasema umenitisha hadi nikatia sahihi, nilete ushahidi wa vitisho. Lakini mambo ya ndugu hayaendi hivyo. Mpwa anayemkusanyia shangazi yake kodi za nyumba, anayemsomea barua na kumwekea nyaraka, hahitaji kutoa kitisho. Inatosha aseme, "Weka dole gumba hapa." Yaliyosemwa ndani ya nyumba hayana shahidi mwingine, na anayeyajua vizuri zaidi ni yule aliyefaidika.

Mahakama za Uingereza zilizoshughulikia mambo ya haki na dhamiri zililiona tatizo hilo mapema. Mwaka 1807, katika kesi ya Huguenin na Baseley, Jaji Eldon aliibatilisha hiba ya mjane kwa kasisi aliyekuwa akisimamia mali yake. Swali halikuwa kama mjane alijua anachotia sahihi, bali nia ile ya kutoa ilizaliwaje moyoni mwake. Kutokana na kesi za namna hiyo ikakua kanuni: mtu akimwachia mwenzake mambo yake kwa kumwamini, kisha mwenzake akapata faida isiyoelezeka kirahisi, mahakama itachukulia kwamba kulikuwa na ushawishi usiofaa. Mzigo wa kuthibitisha unahama, na aliyefaidika ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba mtoaji aliamua kwa uhuru wake.

Hapo ndipo ushahidi wa wakili wa Singapuri ulipopungua. Hakujua kwamba hiba ile ilimaliza karibu mali yote ya bibi. Wala hakumwambia kwamba angeweza kumfaidi mpwa kwa usalama zaidi kwa kumwachia mali hiyo katika wasia, huku yeye mwenyewe akiendelea kuimiliki hadi kufa kwake. Jaji Hailsham, aliyeandika uamuzi, alisema ushauri wa mtu huru si njia pekee ya kuiondoa dhana ile ya ushawishi usiofaa. Ushahidi mwingine wa uhuru wa mtoaji unaweza kutosha. Lakini mpwa akiutegemea ushauri huo, lazima uwe umetolewa na mtu aliyeyajua mambo yote muhimu, kama ambavyo mshauri mwaminifu wa bibi peke yake angemshauri. Wakili aliieleza hati, lakini hakuyajua maisha ya aliyekuwa akiitia alama.

Kwa Tanzania kanuni hii ilipita njia ya India. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1899, iliiandika kanuni ya ushawishi usiofaa katika kifungu cha 16. Waingereza waliileta sheria hiyo Afrika Mashariki. Mwaka 1961 Kenya iliiacha na kufuata kanuni za mikataba za Uingereza, lakini Tanganyika, mwaka huohuo, ilitunga sheria yake ya mikataba iliyolibakiza umbo la India. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania bado kinasomeka karibu vilevile.

Baraza lilelile lilifundisha namna ya kukisoma kifungu hicho, katika kesi ya Raghunath Prasad na Sarju Prasad. Baba na mwana, wamiliki wa pamoja wa mali kubwa, waligombana hadi baba akamfungulia mwanawe mashtaka ya jinai. Mwana akakopa rupia 10,000 hivi ili ajitetee, kwa asilimia 24 kwa mwaka, riba juu ya riba. Baada ya miaka 11 deni lilikuwa limezidi mara 11. Hata hivyo mkopaji hakuweza kukitegemea kifungu hicho. Baraza lilisema hatua ya kwanza ni kuonyesha kwamba upande mmoja ulikuwa na uwezo wa kuitawala nia ya mwingine. Ukali wa masharti hutazamwa baada ya hapo. Shida ya fedha peke yake haikumfanya mkopeshaji kuwa mtawala wa nia ya mkopaji.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mjane wa miaka 78 mjini Tanga, macho yamefifia, anamuuzia mpwa wake nyumba kwa shilingi milioni 10, wakati nyumba za namna hiyo zinauzwa kwa milioni 60. Kuwa mpwa hakutoshi, wala umri hautoshi kama akili yake ni timamu. Wanaomtetea mjane waanze na uhusiano wenyewe: nani alishika hati, nani alipokea kodi za wapangaji, nani aliamua nani amwone mama. Wakishaonyesha kwamba mpwa ndiye aliyekuwa akiyaendesha mambo yake, bei inaangaliwa. Pengo la milioni 50 ni jambo linalodai maelezo. Zawadi ya kanga wakati wa Idi haidai. Kwa pengo kama hilo mzigo unamhamia mpwa. Atahitaji kuonyesha fedha zililipwa kweli, na sababu ya bei kuwa ndogo. Kama kulikuwa na wakili, je, alizungumza na mjane peke yake, akijua mjane atabaki na nini na atalala wapi?

Ulinzi huu una mipaka. Mkataba wa namna hii haufi wenyewe. Aliyeonewa lazima aukatae, na asichelewe. Bi Allcard wa Uingereza aliondoka katika jumuiya ya masista mwaka 1879, baada ya kuipa mali yake kwa awamu, akasubiri hadi 1885 kufungua kesi. Mwaka 1887 majaji walikubali kwamba alikuwa chini ya ushawishi mkubwa, lakini akashindwa, kwa kuwa alikaa miaka sita akiwa huru na mwenye washauri wake bila kudai.

Kuhamisha mzigo si kumwita mpwa mwizi. Huenda mama alitaka kumpa nyumba kwa kumshukuru, na hilo ni haki yake. Lakini mpwa mwenye nia njema anaweza kujiandaa kabla hati haijaandikwa: amwache mama amchague wakili wake, atoke chumbani wanapozungumza, na amweleze wakili huyo mali yote ya mama, si ile nyumba pekee. Siku ndugu wengine watakapouliza, atakuwa na jibu ambalo mpwa wa Bi Inche Noriah hakuwa nalo.