Pembe ya goti

Neno "pembe" lina maana mbili mazoezini, na zikichanganywa faili ya mgonjwa huharibika. Kompyuta inayosoma video huweka nukta kwenye nyonga, goti na kifundo cha mguu, kisha hupima pembe iliyo gotini: mguu ulionyooka ni nyuzi 180. Mtaalamu wa fiziotherapia huuita 0, kwani yeye anapima mkunjo. Basi mgonjwa wa Makongeni, Thika, akichuchumaa kidogo na kompyuta ikaandika 120, goti limekunjwa nyuzi 60. Simu inayorekodi video lazima ikae ubavuni mwa mgonjwa, usawa wa goti. Ikikaa mshazari kwa nyuzi 45, mkunjo uleule wa 60 utasomeka karibu 44, na goti zima litadhaniwa limekaza.