Pengo la Mbalamwezi (Pasiansi, Mwanza)

Pengo la mbalamwezi ni kushuka kwa mapato kunakowapata kila mwezi watu wanaotegemea uvuvi wa dagaa wa usiku katika Ziwa Victoria. Makala hii inaeleza namna fundi wa taa na sola wa Pasiansi, kata ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, anavyoweza kuliziba kwa kugawa huduma zake na kujipatia ada ndogo za kila mwezi.

Chanzo

Dagaa huvuliwa kwa mwanga. Wavuvi huwasha karabai au taa za betri juu ya maji, dagaa hukusanyika, kisha nyavu huvutwa. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, mwanga wake huenea ziwani kote na dagaa hawajikusanyi tena chini ya taa, hivyo mitumbwi mingi hupumzika kwa siku 7 hadi 10. Nchi kavu nako kazi hupungua: waanikaji, wachukuzi wa Mwaloni Kirumba, mama lishe na fundi anayechaji betri za wavuvi wote hukosa wateja kwa wakati mmoja.

Mzunguko wa mwezi huchukua siku 29 na nusu, na mizunguko 12 hufanya siku 354. Kwa hiyo pengo haligandi kwenye tarehe moja: mwaka huu laweza kuangukia mwisho wa mwezi wa kalenda, mwaka mwingine katikati.

Kugawa huduma

Huduma ya pili husaidia tu ikiwa haizimwi na sababu ileile. Fundi anayechaji betri akiongeza kukodisha taa kwa usiku mmoja mmoja, amepata kazi mbili zinazolala siku moja. Kufunga nyaya za nyumba za kupanga, au kutengeneza feni na sola za maduka yaliyo kando ya barabara ya uwanja wa ndege, hutegemea mifuko mingine: mshahara, kodi ya nyumba, mauzo ya kila siku.

Kipimo chake ni daftari. Kila huduma iwe na safu yake, na mapato yaandikwe kila siku kwa mizunguko mitatu ya mwezi. Safu mbili zikishuka siku zilezile, huduma hazijagawanyika, hata kama zina majina tofauti.

Mfano wa hesabu

Tuchukue fundi anayebakiwa na shilingi 15,000 kwa siku wakati wa giza na 3,000 wakati wa mbalamwezi, huku matumizi ya nyumbani na kodi ya kibanda yakiwa 10,000 kila siku. Siku 10 za mbalamwezi zinamwachia upungufu wa 70,000. Siku 19 za giza zinampa ziada ya 95,000. Akitenga 4,000 kila siku ya giza, anakusanya 76,000 na pengo linazibika.

Hesabu hiyo huvunjika upepo na mvua vikizuia mitumbwi. Usiku 5 wa giza ukipotea na siku hizo zikampa 3,000 tu kila moja, ziada hubaki 35,000, na upungufu wa 35,000 hauna pa kuzibwa. Hapo ndipo ada ya mwezi inapopata kipimo chake: kila mteja akimwachia 5,000 baada ya nauli na vifaa vidogo, fundi anahitaji wateja 7.

Makubaliano ya ada

Ada hulipia ziara moja kila mwezi: kusafisha paneli, kukaza na kusugua vichwa vya betri, kuongeza maji ya betri kwa zile zinazohitaji, na kupima chaji. Ziara hupangwa siku za mbalamwezi, fundi anapokuwa na nafasi. Vipuri hulipiwa kando, na jambo hilo liandikwe tangu mwanzo. Betri moja iliyokufa ikiingizwa ndani ya ada humeza malipo ya miezi mingi.

Wateja wa mshahara hulipa mwisho wa mwezi, wakati ambao huenda ukawa wa giza. Pesa hiyo itengwe ingojee pengo, isihesabiwe kuwa faida ya siku. Akiba hii pia haifai kuchanganywa na hisa za kikoba. Kikoba hudai mchango hata siku za mbalamwezi, na mgao wake kwa kawaida huja mwisho wa mzunguko. Kwa hiyo mchango wenyewe uingizwe katika matumizi.

Mipaka

Ada nyingi kupita uwezo huleta hasara. Ziara zikianza kusogezwa hadi siku za giza, fundi huacha kazi ya 15,000 ili kutimiza ya 5,000, au humkosa mteja kabisa na kupoteza malipo. Dalili yake ni ziara ambazo hazijafanyika mbalamwezi inapoisha. Zikionekana, wateja wapya wasubiri hadi apatikane msaidizi. Mpango huu pia hautoshi uvuvi ukisimama kwa miezi, kwa sababu akiba yake imepimwa kwa siku 10 tu.